Mkono wa Mtunza Taa

Ukitaka kumjua Kobe, usimwulize kitu. Tumekaa chumba kimoja cha kazi miaka na miaka, na mpaka leo sijui anapenda chai ya rangi au ya maziwa, maana ukimwuliza anatabasamu tu. Jina la Kobe tulimbandika kwa mwendo wake wa kazi. Yeye ndiye anayewachorea mienendo wahusika wa magemu yetu, picha baada ya picha, na kumchora mhusika akiinuka tu kitini kunaweza kummalizia siku nzima, huku bosi anazungukazunguka nyuma yake kama aliyebanwa na haja. Mimi ningeshamrushia bosi kalamu. Dada wa watu anachora tu.

Kazi yangu mimi ni mdomo: nasoma barua za wachezaji na kuzijibu. Nyingi ni matusi, nimeshazoea. Hii ilikuja kwenye karatasi, kurasa mbili, kutoka kwa mzee mmoja, mwokaji mikate, aliyepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umelegea, kauli imekatika. Anacheza kwa kushoto, na anayempa moyo ni Mtunza Taa, yule mama wa kwenye gemu yetu asiyetamka neno mwanzo hadi mwisho.

"Nimemwangalia sana," aliandika. "Kabla hajainua taa, mkono wake wa kushoto unausaidia wa kulia. Je, zamani alikuwa akiongea? Alipatwa na nini? Na kama sauti haikurudi, aliishi vipi na watu? Msinifiche, nataka kujua nijiandae vipi."

Ukurasa wa pili ulianza na "Mimi nadhani". Nikaishia hapo hapo. Mchezaji akianza kutubunia hadithi haturuhusiwi kusoma, kwa sababu kesho tukitoa kitu kinachofanana na chake atasema tumemwibia. Nikaukunja ili nimrudishie.

Nikafungua jalada la wahusika. Penye maisha ya nyuma ya Mtunza Taa palikuwa patupu. Ukweli wenyewe unatia aibu: aliandikiwa maneno tele, ila mafaili ya sauti yaliifanya gemu kuwa nzito, ikawa inakwama kwenye simu za kawaida. Sauti yake ndiyo iliyoondolewa, kwa kuwa hadithi ingeenda bila maneno yake, na Kobe akaambiwa azibe mapengo kwa mienendo. Sasa katika toleo jipya mwandishi wetu wa hadithi alikuwa amepanga anyweshwe dawa ya ajabu, aanze kuongea.

Nikampelekea Kobe ule ukurasa wa kwanza. "Hebu niambie, huu mkono uliutoa wapi?"

Aliusoma taratibu kama kawaida yake. "Kwa mama," akasema. "Alipigwa na kiharusi nikiwa shule. Hakusema tena mpaka anafariki."

Miaka yote hiyo kakaa kimya. Nilitaka kumgombeza, badala yake nikachukua kalamu nimwandikie mzee.

Lakini singeweza kumjibu mzee kiholela. Studio ikishatamka jambo kuhusu mhusika, hilo ndilo linakuwa hadithi yake, huwezi tena kulimeza. Lazima mwandishi akubali, na mwandishi alikuwa na dawa yake.

Tukaitisha kikao, na Kobe, ambaye hajawahi kufungua kinywa kikaoni, alisimama akaomba dawa iondolewe.

"Watu wanataka apone," mwandishi akamwambia. "Dawa ndiyo kilele cha toleo zima."

"Huyu baba hajauliza atapona lini," Kobe akasema. "Ameuliza ataishi vipi. Mama alikuwa akigonga meza, sisi tunanyamaza, tunamsubiri mpaka amalize kwa mikono. Alitugombeza hivyo, alitutania hivyo. Nyumba ilikuwa na kelele kweli."

Nilimwonea fahari mpaka machozi yakanilenga. Mwandishi alijikuna kidevu weee, mwishowe akaifuta dawa. Badala yake, wengine kwenye gemu watajifunza kumsubiri Mtunza Taa amalize. Nikamwandikia mzee: alikuwa akiongea, akapigwa na kiharusi, sauti haikurudi, na hivi ndivyo walivyoishi naye. Nikaambatisha ule ukurasa wake wa pili.

Aliurudisha. Juu aliongeza kwa mwandiko wa kupinda: "Someni, hamna hadithi humu." Bosi akaruhusu, nikasoma.

"Mimi nadhani aliyemchora huyu mama aliwahi kukaa na mtu kama mimi, na hakumchoka. Mfikishieni asante."

Nikamwekea Kobe mezani. Aliusoma kwa mwendo wake ule ule wa siku zote, na mimi, nisiyejua kusubiri hata maji yachemke, nikavuta kiti nikamsubiri amalize.