Kanda Isikilizwe Mpaka Mwisho

Barua ile niliiandika nikiwa na hasira, na ilionekana. Asubuhi hiyo kanda moja ya kwaya ilikuwa imetafunwa na mashine, kwa sababu mtu aliitoa kabatini imeota kuvu, akaipuliza kwa mdomo kama anayepuliza jivu kwenye kiazi cha kuchoma, akaitia na kubonyeza. Kwaya nzima ikaishia kwenye ndoo ya taka. Nilikuwa meneja wa redio ndogo hapa Lushoto, redio yenye studio baridi kuliko jokofu lake, na kabati la kanda lilikuwa limeegemezwa kwenye ukuta unaovuja tangu enzi za waliotutangulia.

Nikaandika: "Kwa watumishi wote. YAH: Utaratibu wa kuhamishia kanda za zamani kwenye kompyuta na kuziwekea lebo." Nikaeleza kwamba kila kanda ipewe namba, iandikwe kwenye kanda yenyewe na kwenye kasha lake, na faili la kompyuta libebe namba hiyo hiyo. Maneno ya lebo ya zamani yanakiliwe kama yalivyo, hata kama ni ya uongo. Kabla ya yote, vile vijino viwili vya mgongoni mwa kanda vivunjwe, ili asitokee mtu wa kurekodi juu yake. Nakala ziwe mbili, kwenye diski mbili tofauti, na sauti isisafishwe kwanza, mikwaruzo ibaki. Kanda yenye kuvu isiguse mashine: itiwe kwenye mfuko, itengwe, ipelekwe Mombo ikauke. Na kanda isikilizwe mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. "Atakayeruka, asije kuniambia amemaliza."

Sentensi hiyo ya mwisho niliombwa niifute. Sikuifuta.

Habari ya Mombo iliwachekesha, lakini waliocheka walikuwa wameanika nguo zao tangu juzi. Huku juu mlimani mwezi wa saba hakuna kinachokauka. Ukungu unaingia dirishani bila hodi, unakaa na watu sebuleni. Mombo iko chini, kwenye joto na upepo mkavu, na kanda ikikaa kivulini kule siku kadhaa, kuvu hugeuka vumbi la kupanguswa.

Kazi nilimkabidhi fundi mitambo wetu, kijana wa miaka thelathini hivi. Mama yake alikuwa mtangazaji hapa hapa, wa kipindi cha akina mama, akafariki mwanawe akiwa bado ananyonya. Picha yake kijana alikuwa nayo moja. Sauti hakuwa nayo. Watu wazima sokoni walizoea kumwambia, "Mama yako alikuwa na sauti, mghoshi!" yaani mwanamume, kwa Kisambaa, naye anacheka, halafu anaondoka bila alichokwenda kununua.

Basi akaikuta. Aliingia ofisini bila kubisha, ameishika kwa mikono miwili. Kwenye lebo palikuwa na mwandiko wa kike uliolala upande: Akina Mama, Malezi. Kwenye kidirisha cha kanda, kuvu nyeupe.

"Ni yeye, mama," akaniambia; ndivyo watumishi walivyoniita mimi meneja wao. "Huu ni mwandiko wake."

Nilifurahi, kwa kweli nilifurahi. Furaha haikufika mbali, maana nyuma yake aliingia mtangazaji wetu wa salamu, mzee aliyekuwa hapo kabla ya sisi sote. Aliichungulia ile kanda akakunja uso.

"Mwanangu, usijipe moyo sana. Hiyo naikumbuka. Nilirekodi juu yake salamu za Idi."

Hakuna wa kumlaumu. Enzi zile kanda zilikuwa za kuhesabu. Kipindi kikisharushwa, kanda inachukuliwa na mwenye shida nayo, na lebo hakuna anayekumbuka kuibadilisha. Hata mama yake kijana bila shaka alirekodi juu ya wengine. Lakini jaribu kumweleza hayo mtu aliyesubiri sauti moja maisha yake yote. Kijana alimtazama yule mzee kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake, nikasimama katikati yao.

"Salamu zako zilikuwa ndefu kiasi gani?" nikamuuliza mzee.

"Hazikujaza upande. Hazijawahi kujaza."

Basi huko mwisho huenda mama yake alikuwa bado amebaki. Kijana akageuka akaelekea studio. Nilimkuta mbele ya mashine, mlango wa kanda uko wazi.

"Naisogeza mbele tu, mama. Nisikie mwisho. Dakika moja."

"Hiyo imegandana. Ukiisogeza kwa kasi inachanika. Ukibonyeza hapo, umemzika mara ya pili."

Akanigeukia. "Wewe mama yako unaongea naye kwenye simu kila Jumapili."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli. Nikanyoosha mkono. Akaufunga mlango wa mashine, akaiweka kanda kiganjani mwangu na kutoka nje bila koti.

Kesho yake nilimpa aipeleke Mombo mwenyewe. Mzee alinishangaa. "Unampa fisi bucha?" Lakini nilijua nikimpa mtu mwingine, kijana hatanisamehe, nami nilishaanza kujichoka kwa ukali wangu. Mama mdogo wa kijana ana duka la vitenge kule Mombo, na ndiko alikofikia. Nilipompigia kijana siku ya pili simu haikupatikana. Ya tatu, vivyo hivyo. Kila baa ya Mombo ina redio ya kaseti mahali fulani, na mimi usiku nilikuwa nazisikia zote zikitafuna kanda.

Alirudi amekonda. Mfuko ulikuwa umefungwa kama nilivyoufunga.

"Mama mdogo ana redio ya kaseti," akasema. "Nilimwambia redio hiyo aipeleke kwa jirani. Na simu nilizima, nisije nikakupigia kukuomba ruhusa."

Tulifanya kazi barazani, pua zimefunikwa. Ganda la kanda lilikuwa limeunganishwa kwa gundi, akalifungua kwa kisu taratibu. Akapangusa kuvu kwa brashi laini, akahamishia utepe wake kwenye ganda jipya la skrubu, kisha akaizungusha kanda kwa penseli, polepole, akisimama kila inapogoma. Ilifika mwisho nzima.

Ndipo tukaingia studio. Mzee naye alikuja, akaketi pembeni bila kukaribishwa. Ilianza sauti yake, ya ujanani, inasalimia watu wa Soni, wa Mlalo, wa Bumbuli, na wengi wao sasa wako makaburini. Hakuna aliyesema turuke mbele. Salamu zikaendelea, zikaendelea, nikaanza kuichukia ile Idi. Kisha akaaga, pakatokea mlio mkavu, na kukafuata mvumo mtupu. Kijana alifumba macho. Mzee alikuwa anasali, niliona midomo.

"...na uji usiwe wa moto, jamani, ulimi wa mtoto si wa chuma."

Sauti nzito, ya kucheka kidogo. Walisema kweli wale wa sokoni. Aliongea kama dakika tatu, juu ya uji na ndizi za kuponda, na mbali nyuma yake kilio cha mtoto kikawa kinapanda. Mwishowe akacheka waziwazi.

"Wasikilizaji wangu mniwie radhi. Huyo anayelia mlangoni ndiye bosi wangu, ananidai maziwa. Ngoja niende."

Mlango ukafunguliwa. Kilio kikasogea karibu, kikakatika ghafla. Kisha kanda ikaisha.

Mzee alilia bila aibu. Mimi pia. Kijana hakulia. Aligeuza kanda, akasikiliza upande wa pili wote, akahifadhi nakala mbili, kisha akavuta lebo mpya akaandika namba, na chini yake:

"Mwanzo, salamu za Idi. Mwisho, mama yangu. Anayelia ni mimi."