Makabati ya Valentino

Costancia hakuwa mwanamke wa kelele. Alizaliwa Vidunda, milimani, akasoma shule ya misheni, kisha akauza mitumba Mikumi kwa miaka tisa bila kugombana na mteja. Ndiyo maana siku alipochukua nyundo akaanza kubomoa makabati ndani ya chumba chake cha gemu, wapangaji wa jengo zima walitoka kutazama.

Chumba alikifungua mwanzoni mwa 2006, jirani na barabara kuu: PlayStation nne, televisheni nne ndogo na mabenchi. Kazi ya umeme alimpa Valentino, fundi waliyekuwa wakiimba naye kwaya. Valentino alimshauri kila mashine ifungiwe kwenye kabati la mbao lenye kufuli, wezi wasiifikie. Na kwa kuwa mgao wa umeme ulikuwa umeshaanza, akamletea inveta na betri mbili za gari, akazipanga chini ya makabati hayohayo.

Haikuchukua miezi miwili. Ikifika saa nane mchana, mashine zilikuwa zinawaka taa nyekundu na kuzima zenyewe, vijana wako katikati ya mechi. Mashine moja haikuwaka tena. Betri, ambazo mwanzo zilivumilia karibu saa nzima, sasa zilikata ndani ya dakika kumi. Pedi za kuchezea za bei rahisi nazo zilikufa moja baada ya nyingine, waya ukikatikia pale pale unapotokea kwenye pedi.

Costancia angeyameza hayo yote. Kilichomchoma ni maneno aliyoletewa na Rebeka, muuza chipsi wa mlango wa pili. Valentino alikuwa amesema mbele ya wanakwaya, "Vifaa vya umeme vinataka mtu anayevielewa. Dada yetu anavichosha tu."

Usiku ule hakulala vizuri. Asubuhi alipanda basi hadi Kilosa, kwa mzee Filipo, mstaafu wa reli aliyetunza betri za simu za stesheni kwa miaka thelathini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Akamweleza. Mzee alisikiliza, kisha akauliza maswali mawili tu: betri za aina gani, na kabati lina matundu mangapi.

"Za gari. Na halina hata tundu moja."

Filipo alitikisa kichwa. "Betri ya gari kazi yake ni kuwasha injini. Inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, halafu inajazwa. Wewe unaikamua mpaka chini kila siku, lazima ife. Ungewekewa zile zinazotengenezwa kwa ajili ya kukamuliwa taratibu, na bado usizishushe chini ya nusu. Tena betri ikichajiwa inatoa gesi na mvuke wa asidi. Haikai sanduku moja na mashine. Na hiyo mashine ina feni yake nyuma, inasukuma joto nje. Ukiifungia, inavuta joto lake yenyewe."

Kwenye basi la kurudi Mikumi, Costancia aliyarudia maneno ya mzee. Mashine hazikuwa zimechoshwa na yeye. Zilikuwa zimepikwa.

Akaenda moja kwa moja kwenye nyundo. Alikuwa kwenye kabati la tatu Valentino alipoitwa, akaja mbio.

"Dada Costancia, tulia kwanza tuongee."

"Weka mkono hapa." Akamwonyesha mashine aliyoiacha inafanya kazi ndani ya kabati la mwisho. Valentino akaugusa mgongo wa mashine, akaurudisha mkono haraka.

"Ni joto la Mikumi hili," alisema.

"Hii nyingine nimeitoa nje, nimeiwasha muda uleule. Iguse na hiyo."

Hakuigusa.

"Ulikuwa hujui, kaka Valentino. Kutokujua ningekusamehe. Lakini ukaenda kunisema mbele ya kwaya nzima kwa kosa la mikono yako. Sasa beba betri zako, na Jumapili ukawaambie ulichokiona hapa."

Alizibeba, moja moja, jasho likimtoka. Jumapili hakusema neno. Costancia alihama mstari wa kwaya na hakumsalimia tena.

Chumba alikipanga upya. Mashine zilikaa juu ya rafu za nondo, zimefungwa kwa mkanda wa chuma, nyuma wazi, na ukutani akatobolesha madirisha mawili yanayotazamana. Alinunua betri mbili zinazofaa, akaziweka kibarazani kwenye kizimba chenye hewa. Umeme ukikatika, aliendesha mashine mbili na feni tu, kwa saa nne. Alitafuta pedi halisi zilizotumika, akafunga kila waya kwenye benchi ili mvuto uishie kwenye fundo, na akajifunza kubadilisha mipira ya vitufe mwenyewe.

Biashara ikasimama imara. Hasira haikuisha. Mwaka uliofuata hoteli moja ilimuuliza fundi gani wa umeme anafaa, akawataja mafundi wawili wa Morogoro, kisha akaendelea kufungua pedi iliyokuwa mkononi.