Barua ya Pili Kuhusu Ukuta wa Nesi

Alhamisi, akiwa kwenye kazi nyingine upande wa pili wa mji, Injinia alitiliwa jina chini ya barua ambayo hakuiandika. Barua hiyo ilimweleza mteja kwamba ukuta wa jirani yake ulianguka kwa sababu ya mvua na uzee. Mvua yenyewe haikutosha kulowesha kola ya shati.

Ijumaa asubuhi mteja, mwalimu mstaafu aliyekuwa akijenga nyumba yake ya kwanza na ya mwisho, aliingia ofisini bila hodi, akaibwaga barua mezani.

"Wewe ndiye mwandishi wa upuuzi huu?"

"Jina ni langu, Mama Mwalimu. Maneno si yangu."

"Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na nne, mwanangu. Visingizio nimeshavisikia vyote. Yule nesi nitaishi naye ukuta kwa ukuta hadi nizikwe, na leo kanifungia mlango usoni! Kabla ya saa kumi nataka barua yenye ukweli na mpango. La sivyo, natafuta mkandarasi mwingine."

Ukweli haukuwa mgumu. Mchoro wa Injinia uliagiza mtaro wa msingi ulio kando ya ukuta uchimbwe vipande vya mita moja moja, kwa kuruka kimoja kimoja, na kila kipande kimwagiwe zege kabla ya kufungua kinachofuata. Nyapara, ambaye mafundi wote walimwita Chapchap, aliufungua wote siku moja kwa mashine ya kukodi, mita kumi na nne, tena chini kuliko msingi wa ukuta wenyewe. Jumatano alfajiri mita tisa za ukuta zilijilaza mtaroni.

"Bosi alisema mashine irudi jioni ile ile," Chapchap alijitetea alipoitwa ofisini. "Ningefanyaje, dada? Nilale mbele yake?"

"Ungenipigia simu."

"Ungekataa."

"Ndiyo maana ya simu."

Bosi, mwenye kampuni, alitoka chumbani kwake akiwa ameshavimba. "Ukiandika kwamba kosa ni letu, bima wataturuka."

"Bima nimeshazungumza nao. Wanataka tuandike yaliyotokea, tusiahidi lolote kwa niaba yao, na vifusi visiguswe kabla mkaguzi wao hajapiga picha."

"Nani kakutuma?"

"Jina langu, ulilolituma bila mimi."

"Ukiipeleka barua hiyo, usitarajie kuzeeka kwenye kampuni hii."

Alikaa, akaandika. Ana mama anayemtegemea na kodi ya nyumba kila mwezi. Lakini cheti cha uhandisi ni chake, na siku ukuta mwingine ukimwangukia mtu, hakuna atakayeulizwa ila mwenye jina. Aliandika kwamba mtaro ulichimbwa kinyume cha mchoro, na kwamba mvua na umri wa ukuta havikuhusika. Barua ya jana ilifutwa. Sehemu iliyosalia ingeegemezwa nguzo siku hiyo hiyo, na mabati yangezungushwa ili Nesi asilale uwanja wazi. Mkaguzi akishamaliza, mtaro ungefukiwa, ukuta ujengwe upya kwa msingi wa kina zaidi kwa gharama ya mkandarasi, chini ya jicho la mhandisi wa nje ya kampuni ambaye Nesi mwenyewe angemkubali. Hakuna fundi ambaye angekanyaga kiwanja chake bila ridhaa yake ya maandishi. Kazi ingechelewa wiki tano, na mteja asingedaiwa chochote kwa ucheleweshaji huo.

Saa tisa na nusu Mama Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, kalamu nyekundu mkononi. Alikata sentensi moja tu.

"'Tunasikitika kwa usumbufu uliojitokeza.' Haukujitokeza. Mliuleta."

Injinia alirekebisha, akatia saini.

"Sasa twende kwa mwenye ukuta," alisema mteja. "Na huyo bwana aliyejificha chumbani aje pia."

Nesi aliwapokea getini, hakuwakaribisha. Aliisikiliza barua yote mikono ikiwa kiunoni.

"Mita tisa," alisema. "Marehemu mume wangu aliujenga kwa likizo zake tatu. Nyinyi mmeuangusha kabla ya chai."

"Tunaomba radhi, mama," Bosi alinong'ona.

"Sikusikii."

Alirudia kwa sauti. Nesi aliegemeza karatasi ya ridhaa kwenye bamba la geti, akatia saini, akafunga bila kuaga.

Ukuta ulikabidhiwa tarehe 22 Mei. Tarehe 31 mkataba wa Injinia uliisha na Bosi hakuuongeza, wala hakusema kwa nini. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Tangu tarehe 6 Juni anasimamia ujenzi wa nyumba ile ile, akiwa ameajiriwa na Mama Mwalimu kumkagua Bosi.