Shangazi wa Kwenye Barua Pepe

Tulimwita Kamusi, naye aliitika kwa raha. Alikuwa ofisa utawala wa kampuni yetu ya kusambaza dawa, na barua pepe zote za kwenda makao makuu ng'ambo zilipita mikononi mwake. Mimi mtunza stoo, mdomo wangu hauna breki, ndiye niliyemsumbua kuliko wote. Nilikuwa naandika, "Boss, mzigo ume-arrive lakini maboksi mawili yamelowa, please advise," naye anaguna mpaka nasikia kule chini.

"Mwenzangu, mzigo una jina lake kwa Kiingereza. Consignment. Mpe mtu lugha moja apumue!"

Lakini hakuwa mtu wa kufyeka kila kitu. Alikuwa na kanuni yake: neno lenye mwenzake kamili kwa Kiingereza, libadilishe; lisilo na mwenzake, liache palepale, umweleze msomaji kwa maneno machache. Fundi wetu, anayeziba bomba asubuhi na kutengeneza feni mchana, hakumwita "technician", maana wangedai vyeti. Aliandika "our fundi, who does all our small repairs", na hakuna aliyeuliza swali. Kwa hilo nilimvulia kofia.

Kisha huko ng'ambo akaja meneja mpya wa wafanyakazi. Hata kiti hakijapata joto, akatutumia waraka: haelewi nusu ya tunayoandika, kuanzia sasa ni Kiingereza kitupu. Kamusi aliona ametukanwa yeye. Wiki ile alifyeka kwelikweli, hata fundi wa watu akageuka "handyman".

Ndipo dereva wetu akafiwa. Mdogo wa marehemu mama yake, aliyemlea tangu ananyonya, alifariki Jumatatu alfajiri. Mazishi yalikuwa Jumatano, safari ya kutwa nzima kwa basi. Mwanaume yule, mpole mpaka unamwonea huruma, tayari alikuwa na barua ya onyo kwa sababu ya kuchelewa; akikosekana bila ruhusa, kazi basi, na nyumbani ana watoto wanaomtegemea. Akamwandikia Kamusi: "Naomba compassionate leave, nimefiwa na mama mdogo."

Kamusi akaisafisha, akaituma, na nakala kwa dereva mwenyewe: "Our driver has lost his aunt and requests compassionate leave."

Jibu lilikuja Jumanne asubuhi. Pole zilikuwemo, hilo siwanyimi. Lakini likizo ya msiba ni ya mzazi, mwenzi au mtoto, shangazi hayumo. Akitaka likizo ya kawaida, aombe wiki moja kabla. Ebo! Kifo nacho siku hizi kinatoa notisi?

Dereva alisoma, akarudisha simu mfukoni, akaja stoo kupakia.

"Wewe," nikamwambia, "huyu si ndiye aliyekulea?"

"Ndiye mama niliyemjua," akasema, akainua boksi.

Nilipanda ngazi mbiombio. "Shangazi gani?" nikamfokea Kamusi. "Mtu kalea mtoto mpaka kaota ndevu, wewe unamwandika shangazi?"

Alifungua kompyuta akaisoma sentensi yake.

"Nilijua," akasema. "Nilijua kabisa neno lile halina mwenzake. Nikaogopa nikiliacha, yule bwana atasema tena hatueleweki."

Nilikuwa na matusi ya akiba, yote nikayameza. Aliandika upya palepale: "his mama mdogo, his late mother's younger sister, who raised him as her own son." Akaomba ijibiwe haraka. Akapiga na simu. Meneja alikuwa ameshasafiri. Tulishinda tunachungulia kompyuta ile, na basi la mwisho likaondoka.

Ruhusa ilikuja Jumatano mchana. Siku tano kamili, na rambirambi nzuri kwa kumpoteza mama. Kamusi alishuka nayo mwenyewe hadi stoo. Mpaka leo nikikumbuka uso wake, moyo unaniuma.

"Kaka, nisamehe. Wamekubali. Siku tano."

"Za kufanya nini, dada?" dereva akasema, wala hakupandisha sauti. "Wamenipigia sasa hivi. Wameshamzika."

Kamusi akajishika kifua. "Lakini nakala si uliipata? Uliona nimeandika aunt. Mbona hukuniambia, kaka yangu? Neno moja tu ningelibadilisha."

"Niliona. Nikataka kukuambia si shangazi." Alijifuta macho kwa mkono wa shati. "Halafu nikasema, aah, Kamusi anajua."

Akaniomba nimsainie karatasi ya mzigo, maana hospitali walikuwa wanasubiri dawa, akapanda gari akaondoka.