Milimita Ishirini za Mururu

Mvua ilinyesha kwetu Mururu kutwa nzima, na mimi kazini Cyangugu sikutulia. Tanki la nyumbani lilikuwa tupu. Asubuhi iliyofuata mama akanitumia picha ya kipimo cha mvua: milimita ishirini. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na paa letu ni mita sitini za mraba. Basi lita elfu moja na mia mbili, kasoro kidogo. Nikampigia simu.

“Tanki iko na mia sita tu, Papa,” akasema; ndivyo anavyoniita mimi mwanawe.

Nikafoka. Bomba linavuja? Picha umeipiga ukiwa umesimama, si usawa wa kipimo? Nani amechota?

Akaniacha nimalize.

“Mfereji wa paa uliuweka upande wa barabara tu, batu bauone. Mvua ya nyuma, migomba ndiyo inakunywa.”