Franka Zililala Upande wa Pili

Kinyaa nilichonacho kwa noti ya dola iliyochanika hakijaisha mpaka leo. Haijalishi mchaniko ni mdogo kama ukucha wa mtoto. Hapa Kasongo noti hiyo si pesa tena. Kila mtu ataigeuza juani, ataipapasa kama anatafuta ugonjwa, halafu atakurudishia kwa vidole viwili. Lakini huyo huyo akikulipa wewe, anaikunja vizuri ili mchaniko ukae ndani.

Mimi ni mpiga picha. Nina chumba kimoja karibu na soko, kitambaa cheupe ukutani na kamera ambayo nimeitengenezesha mara nyingi kuliko meno yangu. Harusi, ubatizo, matanga, picha ndogo za karatasi za serikali, yote ni yangu. Zamani niliweka kazi kwenye diski, diski ikafa na harusi tatu ndani yake, na mama mmoja wa bibi harusi alinitukana mbele ya mlango hadi majirani wakatoka na viti. Tangu siku hiyo nikaanza kulipia nafasi ya ziada ya kuhifadhi picha mtandaoni. Karibu dola mbili kwa mwezi, si kitu.

Kulipa ndiko kulikokuwa kitu. Kadi ya benki sina, na sijui mtu wa mtaa wetu aliye nayo. Nilipata kadi isiyoshikika, ya ndani ya simu: namba ndefu, tarehe ya mwisho, tarakimu tatu za siri. Unaweka pesa kwenye akaunti yako ya simu, na kadi inachota humo. Kila mwezi, tarehe ile ile, wenye nafasi wanakuja wenyewe kuchota chao. Nilijiona mjanja sana. Niliwacheka wenzangu waliokuwa bado wanahangaika na diski.

Binti yangu mkubwa alikuwa amemaliza shule na kuomba nafasi katika shule ya wauguzi Bukavu. Simu yake ilikuwa ya vitufe, kwa hiyo kwenye fomu aliandika anwani yangu ya barua pepe. Mimi mwenyewe nilimwambia aiandike. Nilimwambia ya baba ni ya uhakika, inalipiwa.

Mwezi ule mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Salamabila alinilipa harusi yake kwa noti ya dola ishirini. Nilikuwa nasafiri kesho yake kwenda Wamaza kupiga picha za matanga, kisha harusi mbili vijiji vya mbele, kwa hiyo nilikwenda haraka kwenye kabini, kile kibanda cha pesa za simu, nijaze akaunti kabla ya tarehe ya kuchotwa. Mwenye kabini akaifungua noti. Mchaniko ukatokea.

“Papa, hii siwezi kukamata. Iko na kidonda.”

“Kidonda gani? Kidogo hivi?”

“Kidogo ni kidogo, lakini hata mimi watanikatalia. Niichukue kwa bei ya chini, nikuwekee franka?”

Bei aliyotaja kwa franka, pesa yetu ya hapa, ilikuwa ya wizi, na aliitaja akichokonoa meno. Nilikubali kwa sababu pikipiki ilikuwa inaningoja. Ujumbe ukaingia kwenye simu, namba ndefu yenye sifuri nyingi, nikatosheka, nikaondoka.

Wamaza mtandao ni wa kupanda kilima. Niliporudi baada ya wiki mbili na nusu, nilikuta maonyo yamejaa kwenye barua pepe. Malipo yamekataliwa. Tunajaribu tena. Malipo yamekataliwa. Yote kwa adabu ile ya kupaka mafuta, mteja wetu mpendwa, samahani kwa usumbufu. Nilitazama simu, franka zangu zilikuwepo zote. Nikasema hawa ni matapeli, pesa wanaiona na hawaichukui ili wanitishe ninunue nafasi kubwa zaidi. Nilifuta maonyo yao moja baada ya jingine, na ninakiri nilifurahi kuyafuta.

Baada ya siku chache ukatokea mstari mwekundu juu ya sanduku la barua: nafasi ya ziada imeondolewa, iliyobaki imejaa. Niliusoma. Nikawaza, sawa, picha mpya hazitapanda, nitangoja. Nafasi niliilipia kwa ajili ya picha, kwa hiyo kichwani mwangu ilikuwa ya picha tu. Kwamba barua na picha zinalala katika chumba kimoja, na chumba kikijaa mlango unafungwa kwa wote, sikujua na sikuuliza.

Kila asubuhi binti yangu alipita studio kabla ya kwenda shambani na mama yake.

“Papa, barua haiyafika?”

“Haiyafika. Wale watu wa Bukavu wanakwenda pole pole.”

Nilimjibu hivyo siku nyingi. Nilifungua sanduku mbele yake nikamwonyesha, halafu nikaendelea kuwasema vibaya watu wa shule, kwamba hawana mpango, kwamba wanawapa watoto wa wakubwa kwanza. Alikuwa ananisikiliza akiwa ameshika jembe.

Mwishowe shemeji yangu anayeishi Bukavu alikwenda shuleni kuuliza. Akapiga simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayechagua maneno. Walikuwa wamemwita binti alete vyeti vyake. Waliandika mara mbili, na mara zote mbili barua ziliwarudia: sanduku la mpokeaji limejaa. Wakampa nafasi mwingine aliyekuwa kwenye orodha ya kungoja.

Nilikimbilia kabini nyingine, ya mama mmoja karibu na msikiti, nikampa simu yangu aniambie pesa imekwama wapi. Aliitazama muda mfupi tu.

“Papa, akaunti iko mbili humu. Moja ya dola, moja ya franka. Kadi inakamata kwa dola tu. Huku kwa dola mulibaki dola mbili na kitu, wenye kadi wakakata ada yao ya mwezi, ikabaki kidogo. Franka zako ziko zimelala upande wa pili, haziwezi kuvuka zenyewe.”

Kadi nayo ilikuwa imefungwa, kwa kukataliwa mara nyingi. Mama yule alinionyesha namna ya kuzivusha franka kuwa dola, nikafungua kadi mpya, nikaingiza namba mpya pale ilipokuwa ya zamani, nikalipia mwaka mzima mara moja na kuacha ziada ya kutosha kwa ada. Alinifundisha pia kutazama salio la dola, si lile la sifuri nyingi, wiki moja kabla ya tarehe. Yote yalichukua muda wa kunywa chai. Barua ya kwanza kuingia ilikuwa ya shukrani: asante kwa kuendelea kuwa nasi. Zile zilizorudishwa Bukavu hazikuja, kwa sababu barua iliyorudishwa haingoji mlangoni.

Nilimchukia mwenye kabini wa kwanza na kijiti chake cha meno. Nilimchukia mfanyabiashara wa dhahabu. Lakini nilipolala, harufu mbaya ilikuwa inatoka kwangu mwenyewe, kwa yule aliyefuta maonyo akicheka, aliyewatukana watu waliokuwa wameandika mara mbili.

Mwaka uliofuata binti yangu aliomba tena, na alikuja kujazia fomu mezani pangu kwa sababu pana mwanga. Nilimwambia sanduku sasa ni zima, nimelipa mwaka wote, lina nafasi ya kumwaga.

“Ndiyo, Papa,” akasema, kwa heshima.

Alipofika kwenye mstari wa anwani ya barua pepe, alitoa kikaratasi mfukoni na kunakili pole pole anwani ya muuza dawa wa ng'ambo ya barabara.