Mwaka Uliokuwa na Kazi Mbili

Nikiukumbuka mwaka ule, kwanza naona mvuke. Ulitoka kwenye chumba cha barafu kila mlango ulipofunguliwa, ukatambaa sakafuni mpaka miguuni petu, na kwa kitambo ofisi nzima ikawa kama imeketi juu ya wingu. Kampuni yetu ilinunua samaki Kunduchi na kuyauzia mahoteli ya ufukweni. Mie nilikuwa msimamizi, na miongoni mwa watu niliowasimamia alikuwamo mama mmoja wa Lindi, aliyenizidi umri kwa mbali. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo kabla ya kumpangia kazi.

Kazi yake ilikuwa kupokea samaki. Alifunua mashavu, akabonyeza nyama kwa kidole, akakataa wasiofaa bila kupandisha sauti. Malengo yake ya mwaka tuliyaandika Januari, naye akasaini.

Katikati ya mwaka ukaja muundo mpya. Mapokezi yote ya samaki yakahamishiwa tawi jingine, na yeye akapewa meza, simu na kompyuta: apokee simu za mahoteli na kufikisha oda zao. Aliambiwa kwa mdomo tu, mkutanoni, sote tukiwa tumesimama. Majukumu mapya kwa maandishi yalifika Agosti: ajibu malalamiko mara moja, na kila lalamiko aliingize kwenye mfumo wa kompyuta. Mafunzo ya kompyuta yalikuja baadaye tena.

Miezi ile ya katikati naikumbuka kama mtu anavyokumbuka homa. Simu ililia, naye akaitazama kidogo kabla ya kuipokea. Siku moja aliniambia ameota simu zinalia chini ya maji, na yeye anazitafuta kwa mikono miongoni mwa samaki aina ya changu. Tulicheka, lakini mkono wake haukuondoka juu ya simu.

Desemba ikafika tathmini. Afisa rasilimali watu alinipigia kutoka makao makuu, Ubungo.

"Mpime kwa majukumu aliyonayo sasa," alisema. "Fomu ina alama moja tu."

Kwa hesabu hiyo angepata "chini ya matarajio". Malalamiko ya Juni na Julai yalichelewa kujibiwa, na mengine hayakuonekana kwenye mfumo.

"Majukumu hayo alikabidhiwa Agosti," nikasema. "Nitampimaje Juni kwa kitu ambacho hakuwa nacho?"

"Lakini alijua kazi imebadilika."

"Alijua imebadilika. Kiwango hakujua. Hata mie sikukijua."

Akaniambia niandike pendekezo, meneja atalitazama.

Niliugawa mwaka. Miezi ya mapokezi nikaipima kwa malengo ya Januari, kwa ushahidi wa kazi iliyofanyika. Hapo alivuka matarajio. Miezi ya mpito nikaipima kwa yale tu aliyoagizwa waziwazi, yaani kupokea simu na kufikisha oda. Kuanzia majukumu mapya yalipoandikwa, nikatumia viwango vipya, ila wiki za kabla ya mafunzo ya kompyuta sikumhesabia makosa ya mfumo. Kila kipindi kikapewa uzito kulingana na urefu wake. Jumla ikawa "ametimiza matarajio".

Kabla sijapeleka, nilimwita. Tulikaa karibu na dirisha. Nje chumvi ilikuwa imeweka ukungu kwenye kioo, na jua liliingia kama maziwa. Nilimsomea kipindi kwa kipindi. Alisikiliza macho yakiwa mbali, mpaka nilipofika mwisho: hata baada ya mafunzo, malalamiko mengi aliyamaliza kwa simu bila kuyaandika.

"Mwanangu, wateja waliridhika," akasema.

"Waliridhika, mama. Ila ukiwa likizo, mwenzako hajui waliahidiwa nini. Hapo sitaongeza alama."

Alivuta kanga mabegani.

"Mie mwaka huu nimefanya kazi mbili," akasema taratibu. "Nilidhani mtaiona moja tu. Hiyo ya kuandika, sawa, ni yangu."

Kwenye nafasi ya maoni ya mfanyakazi aliandika kwamba ya mfumo anayakubali, lakini muundo mwingine ukija, wafanyakazi wapewe maandishi na mafunzo kwanza. Akasaini.

Meneja aliuliza maswali, hasa kuhusu miezi ya mpito. Nikamwonyesha tarehe ya majukumu na tarehe ya mafunzo. Alikubali alama, akataka mgawanyo wangu uambatishwe kwenye fomu. Wengine wawili waliohamishwa mwaka ule wakapimwa upya kwa njia hiyohiyo.

Januari tulikaa tena kuandika malengo. Safari hii alisoma kila mstari kwa sauti, polepole, kama mtu anayejifunza njia ya nyumba mpya. Penye "ajibu mara moja" alisimama.

"Mara moja ni lini?"

Tukaandika: kabla ya ofisi kufungwa siku hiyo. Akasoma tena, akatikisa kichwa kukubali, kisha simu ikalia naye akaipokea.